Cheki valvu ileile, kishindo kipya

Kabla hata sijausikia ule mlio mwenyewe niliona bolti. Nilikuwa nafanya raundi asubuhi kwenye kituo cha pampu, nikakuta bolti moja ya sapoti ya bomba la kutolea maji la pampu namba 2 imechomoka kwenye zege kama sentimita moja hivi, na pembeni yake vumbi jeupe jipya. Nikamuita opareta aliyekuwa zamu ya usiku nikamuuliza hii imekuwaje, akaniambia injinia hiyo pampu siku hizi ukiizima inapiga kama mtu amegonga bomba na nyundo kubwa, jengo zima linatikisika, sisi tumeshazoea.

Nikamwambia zima niisikie. Akazima. Sekunde haikuisha, PAA! na geji ya presha ikaruka hadi mwisho ikarudi, ikabaki inatetemeka. Pampu namba 1 ilikuwa inaendelea tu kama kawaida.

Sasa kilichonichanganya ni historia ya kile kituo. Zile cheki valvu, ambazo kazi yake ni kuacha maji yaende mbele na kuyazuia yasirudi kwenye pampu, zilikuwa za mlango, yaani zile zenye sahani inayoning'inia kwenye pini na kufunguka kama mlango wa juu, zenye mkono wa nje na chuma cha uzito mwishoni, na zilikuwa pale miaka mingi bila kelele yoyote. Miezi miwili nyuma mahitaji ya maji yalipanda, tukaanza kuendesha pampu zote mbili kwa pamoja badala ya moja kazini na nyingine stendibai. Hakuna kingine kilichobadilika, pampu zilezile, bomba lilelile, valvu zilezile. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kupata jibu, nikasema valvu zimechakaa.

Tukafungua. Bushi za pini zilikuwa zimeliwa kweli, tukabadilisha, tukasafisha kiti ambacho mlango unakalia ukifunga, tukafunga na gasketi mpya. Kishindo kilekile. Nikasogeza chuma cha uzito mbali zaidi kwenye mkono nikiamini mlango utafunga mapema. Haikusaidia kitu, na nilipokaa kufikiri nikaelewa kwa nini: ule uzito unaongeza nguvu ya kufunga sawa, lakini na wenyewe ni mzigo ambao lazima uanze kutembea kutoka kwenye kusimama, kwa hiyo kadiri unavyousogeza nje ndivyo mlango unavyozidi kuwa mzito kuanza. Juu ya hapo maji yanapata kazi zaidi kuufungua, kwa hiyo wakati pampu inafanya kazi mlango haukai wazi kabisa, unaelea katikati na kuchezacheza, na huko ndiko bushi zinakoliwa.

Kulikuwa na fundi mmoja mzee pale ambaye mimi nilimuita mzee tu, na ndiye aliyenigeuza kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, jana usiku umeme ulikatika, pampu zote mbili zikalala pamoja. Hakukuwa na kishindo. Kidogo tu, tup, basi. Valvu mbovu ingechagua siku ya kupiga?"

Hilo swali sikulilalia. Kumbe kishindo chenyewe siyo chuma kugonga chuma kama nilivyokuwa nadhani. Pampu ikizima maji yanapungua kasi, yanasimama, halafu yanaanza kurudi nyuma. Kama mlango ungekuwa umeshafunga wakati yanasimama, hakuna kitu kingetokea. Lakini mlango una safari ndefu, lazima uteremke nyuzi karibu 60 au 70, na ukichelewa maji yanakuwa yameshaanza kurudi kwa kasi fulani, sasa yanaubamiza mlango na kusimamishwa ghafla, na ile kasi yote inageuka kuwa presha. Hesabu yake ni fupi:

```
ΔP = ρ × a × ΔV
```

ρ ni uzito wa maji kwa mita ya ujazo, kilo 1,000. a ni kasi ya wimbi la presha ndani ya bomba, kwa chuma chetu niliweka 1,100 m/s. ΔV ni kasi ya maji yanayorudi pale mlango unapofunga. Ukiweka ΔV ya 0.1 m/s, ambayo ni polepole kuliko mtu anavyotembea, unapata baa 1.1 za nyongeza. Ukiweka 0.5 unapata baa 5.5.

Kwa hiyo swali siyo valvu ni nzima au mbovu. Swali ni maji yanageuka haraka kiasi gani, na valvu inaweza kwenda na hiyo haraka au haiwezi.

Umeme ukikatika pampu zote zinalala, na kinachotakiwa kusimama ni maji yote yaliyoko kwenye bomba kuu la kupandisha, letu lilikuwa na urefu wa mita 1,800 na tenki liko mita 42 juu. Mzigo mrefu hivyo hausimami haraka. Ukichukua g mara kimo gawanya kwa urefu, 9.81 × 42 / 1,800, unapata kama 0.23 m/s kila sekunde, na ukiongeza msuguano wa bomba inafika kama 0.3 mwanzoni. Maji yalikuwa yanapita kwenye bomba la pampu kwa 1.1 m/s, kwa hiyo yanachukua sekunde kadhaa kusimama na mlango wa zamani una muda wa kutosha kuteremka nayo taratibu. Ndiyo ile tup.

Ukizima pampu moja nyingine ikiwa inaendelea mambo ni tofauti kabisa. Maji ya bomba kuu hayasimami, yanaendelea kusukumwa. Kinachogeuka ni kile kipande kifupi tu kati ya pampu iliyozimwa na bomba la kukutania, pale maji ya pampu zote mbili yanapoungana, kwetu mita kama 6, na kinasukumwa kurudi na pampu iliyo hai jirani yake ambayo presha yake haijapungua. Kilichobaki kuchelewesha ni mzunguko wa mota na pampu yenyewe, na pampu ndogo hazina uzito mwingi wa kuendelea kuzunguka. Nilirekodi ule mkono wa valvu kwa simu, video ya polepole, na nikakadiria maji yalisimama ndani ya robo sekunde. 1.1 gawanya kwa 0.25 ni 4.4 m/s kila sekunde, zaidi ya mara kumi ya ile ya umeme kukatika. Pale mlango hauna namna.

Nikaazima sensa ya presha inayorekodi mara 1,000 kwa sekunde tukaifunga karibu na valvu upande wa kuelekea tenki, maana mfumo wetu wa kawaida ulikuwa unasoma mara moja kwa sekunde na haukuwa umeona kitu chochote, kwenye grafu zake kituo kilikuwa shwari muda wote. Sensa ikaonyesha presha inaruka kutoka baa 5 hadi 10.5. Nyongeza ya baa 5.5, yaani maji yalikuwa yanarudi kwa angalau 0.5 m/s. Nasema angalau kwa sababu kile kipande cha bomba ni kifupi, wimbi linafika kwenye bomba la kukutania na kurudi ndani ya milisekunde chache na kuikata ile presha kabla haijafika juu, kwa hiyo kasi halisi inaweza ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa tufunge nini. Mwenzangu mmoja alipendekeza silinda ya mafuta ya kupunguza kasi ya mlango, na hiyo inafanya kazi sehemu nyingine, ila kwetu ingemaanisha mlango unakaa wazi kwa muda huku pampu ya jirani inasukuma maji kinyumenyume kupitia pampu iliyozimwa na kuizungusha nyuma. Sikutaka.

Stoo kulikuwa na moja ya springi, ile ya sahani mbili nusu duara zinazokunjika kama mabawa. Safari yake ni fupi kuliko ya mlango, na springi haingoji maji yarudi, inaanza kufunga maji yakiwa bado yanaenda mbele lakini yamepungua. Tukaifunga kwenye namba 2, tukazima, tukasoma: nyongeza baa 3 hivi. Nafuu kubwa lakini sapoti bado ilikuwa inacheza ukiweka mkono, na kuzima kwetu kulikuwa mara kadhaa kwa siku. Kwenye mfumo wa upole zaidi ningeiacha hapohapo na kushukuru.

Basi tukaagiza ya nozeli. Ndani yake kuna kisahani chepesi kinachotembea moja kwa moja kwenye mstari wa maji, siyo kwa kuzunguka pini, na safari yake ni fupi sana, springi iko nyuma yake inakisukuma, na umbo la ndani limechongwa ili maji yapite bila kupoteza presha nyingi. Ni ghali, na ina kitu kimoja cha kuangalia ambacho watu wanakipita: springi lazima ilingane na kasi yako. Mimi nilitaka kuandika kwenye oda kasi ya pampu moja ikiwa peke yake, 1.4 m/s, na ningekosea vibaya, maana pampu mbili zikiwa pamoja kila moja inatoa pungufu, ile 1.1. Springi ya 1.4 ingeacha kisahani nusu wazi kinapigapiga siku nzima. Nikaandika iwe wazi kabisa ikifika 1.0. Na nikadai kutoka kwa muuzaji mchoro unaoonyesha kasi ya kurudi dhidi ya kasi ya kupungua kwa maji, nikatazama kwenye 4.4 mstari uko wapi. Muuzaji wa kwanza alinitumia neno "haipigi" kwenye kipeperushi bila mchoro, nikamuacha.

Pia maji yetu yalikuwa safi. Kama ingekuwa maji taka yenye matambara na nywele nisingeweka ile, wala ya mabawa mawili, vinanaswa pale katikati. Huko mlango bado una nafasi yake na kishindo unakitafutia dawa nyingine.

Siku ya kujaribu tulisimama mimi na mzee na opareta wa usiku aliyekuja kwa hiari yake. Pampu zote mbili zinaendelea, ikazimwa namba 2. Tukasikia kontakta ikiachia kwenye paneli, feni ya mota ikizunguka mpaka ikasimama, basi. Sensa ikasoma nyongeza ya baa 1 hivi. Mzee alikuwa ameweka kiganja kwenye bomba, akasema rudia, tukarudia mara nne.

Zile za mlango hatukuzitupa. Moja tuliipeleka kwenye kituo kingine chenye pampu moja tu na bomba refu la kupandisha, bushi mpya na uzito umerudishwa karibu na pini. Nilipita pale mwaka uliofuata nikaomba waizime nikiwa nimesimama karibu. Tup.