Kreti zilipungua, lakini nani alizipunguza?

Kwa miezi minane nilikaimu nafasi ya kiongozi wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nikiwa na wakataji 11 chini yangu, bila kuwahi kuongoza mtu yeyote kabla ya hapo. Nilipoanza kuomba kazi ya usimamizi kwingine, kipengele cha kwanza nilichokiandika katika wasifu wangu kilisomeka hivi: "Nilipunguza minofu iliyorudishwa na wakaguzi wa ubora kutoka kreti 9 hadi 4 katika kila 100." Takwimu hizo zilikuwa za kweli, na nilijivunia.

Nilimsomea kwa simu mzee aliyekuwa akitunolea visu, kwa kuwa nilitaka anikumbushe mwezi ambao mabadiliko yalianza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Binti, hizo kreti umezipunguza peke yako? Na visu nilivyokuwa nanoa usiku kucha viko wapi?" Sikuwa na jibu. Mwezi uleule idara ya ubora ilikuwa imeanza kutuonyesha mnofu uliorudishwa papo hapo mezani, badala ya kutuletea taarifa asubuhi, na bila shaka jambo hilo nalo lilichangia.

Kwa aibu niliegemea upande wa pili, nikaandika kwamba "nilisaidia kusimamia" na "nilishiriki katika kuboresha". Hilo lilikuwa kosa jingine, na naona ndilo baya zaidi, kwa sababu aliyeshika kisu, aliyeshika kalamu na aliyepita tu mlangoni wote wanaweza kusema walishiriki.

Kilichonisaidia ni sarufi. Wasifu wenyewe niliupeleka kwa Kiingereza, kama waajiri wengi wanavyotaka, na katika Kiingereza cha wasifu mtendaji huachwa, hivyo kila kitenzi kinachobaki husomwa kuwa ni chako. Nikaamua kuandika rasimu kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa kitenzi chetu katika kauli ya kutenda hakikubali kuficha nafsi: lazima uchague "nilipunguza", "tulipunguza" au "zamu ilipunguza". Kila sentensi niliipima kwa swali moja, yaani, kama usiku ule angekaa mtu mwingine katika nafasi yangu, ni kitu gani kisingefanyika? Visu vingenolewa vilevile na wakaguzi wangekuja vilevile. Lakini wakataji wapya wanne wasingepangwa kila mmoja na mkataji mzoefu, kwa kuwa mpango huo niliubuni mimi, na nilibishana nao wazoefu waliohofia kucheleweshwa.

Kwa hiyo "ni-" niliibakiza kwa yale niliyowafanyia watu, na matokeo ya kazi nikayarudisha kwa zamu. Rasimu ya mwisho ilikuwa na vipengele vitatu:

"Kwa nafasi ya kaimu, niliongoza zamu ya usiku ya wakataji 11 kwa miezi 8, nilipanga meza na mapumziko, bila mamlaka ya kuajiri wala kuachisha kazi."

"Niliwapanga wakataji wapya 4, kila mmoja na mkataji mzoefu, kwa zamu 10 za mwanzo; 3 kati yao walianza kukata peke yao kabla ya mwezi kwisha."

"Nilianzisha kikao cha dakika 10 kabla ya kila zamu kujadili minofu iliyorudishwa, katika kipindi hicho zamu, pamoja na mnoaji visu na idara ya ubora, ilishusha marejesho kutoka kreti 9 hadi 4 katika kila 100."

Katika kipengele cha tatu, maneno "katika kipindi hicho" yamebeba uzito mkubwa: yanasema mambo mawili yalikwenda pamoja, bila kudai kwamba kikao changu ndicho kilichosababisha. Nilipotafsiri, nililiweka neno la timu waziwazi mbele ya kitenzi cha matokeo, ili lisidondoke njiani. Kipengele cha kwanza rafiki yangu mmoja alinishauri nikipunguze, akisema kutaja mamlaka nisiyokuwa nayo ni kujishusha. Nilikataa, kwa kuwa msomaji asiyeambiwa mipaka ya kazi yako hujiwekea yake, halafu hukuuliza kuhusu watu uliowaachisha kazi.

Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza kuhusu kreti. Mama mmoja katika jopo alisoma kipengele cha pili, akaniuliza, "Na yule wa nne?" Nikamweleza kwamba mkono wake ulikuwa mzito kwenye kisu lakini jicho lake lilikuwa kali, kwamba nilizungumza naye faragha baada ya zamu ya nane, kisha nikapendekeza kwa msimamizi wangu ahamishiwe meza ya kufungasha, naye akakubali. Sehemu kubwa ya muda uliobaki tuliutumia kumzungumzia mtu huyo.