Mtandao ukikatika katikati ya kikao cha kamati, usianze upya

Kuna ushauri mmoja nimeusikia mpaka umenichosha: "Mtandao ukikata, tukirudi tuanze mwanzo ili wote tuwe pamoja." Wanaousema hawajawahi kuwa makatibu wa kamati ya harusi yenye wajumbe Dar, Mombasa na Mlalo, kule juu Lushoto, ambako mtu akihama kutoka barazani kwenda jikoni simu inapoteza mnara. Kikao kikianza upya kila mara, wa Mlalo hukatika tena kabla hamjafika mlipoachia, waliobaki hewani huchoka, na hoja iliyokwisha kukubaliwa huanza kujadiliwa tena. Kamati yetu ilimaliza kazi yake bila kuanza upya, na ninajivunia hilo.

Njia yenyewe niliipata kwa mjomba, ambaye zamani alikuwa mtu wa redio za meli bandarini. Redioni, alinieleza, haombi mtu kurudiwa kila kitu. Anataja neno la mwisho alilolisikia vizuri, kisha anaomba yaliyofuata baada yake tu. Au anaomba yaliyo kati ya neno hili na neno lile. Utaratibu huo ni wa kimataifa, umewekwa kwa sababu sauti ya redio hukatika na chombo hakiwezi kungoja hadithi yote irudiwe.

Basi nikauleta kwenye simu yetu ya grupu. Anayerudi hewani haulizi "mmefika wapi?" Swali hilo humlazimisha mtu mwingine kukisia wewe ulikosa nini, naye kwa usalama ataanza mbali. Anayerudi anasema: "Nilisikia mpaka 'turubai tutakodi', baada ya hapo sina." Aliyekuwa akisema anaendelea kutoka kwenye turubai. Wazee walikuwa na wasiwasi kwamba ni kumkatiza mtu, lakini Shangazi alipoona jambo lake linachukua nusu dakika badala ya kusimuliwa upya, yeye ndiye aliyeanza kuwauliza wengine: "Neno lako la mwisho ni lipi, mwanangu?"

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo pana hatari kubwa kuliko zote. Sisi tunataja kiasi kuanzia kikubwa kwenda kidogo: milioni, laki, elfu. Mtandao ukikata mwishoni, kinachobaki huwa ni kiasi kizima kinachoeleweka. Mpambaji alitaka milioni moja na laki mbili na elfu hamsini. Aliyekatika akasikia "milioni moja na laki mbili" na hakuona dalili yoyote kwamba kuna kilichopotea. Neno likikatika katikati unajua, kwa sababu unasikia nusu ya neno. Kiasi kikikatika baada ya laki hakikuambii kitu, na elfu hamsini zinakuja kutafutwa siku ya kulipa.

Nikaomba kila anayetaja fedha afunge kwa neno "kamili". "Milioni moja na laki mbili na elfu hamsini, kamili." Usiposikia "kamili", hujasikia kiasi, hata kama ulichosikia kinaonekana kizima. Na mweka hazina anakirudia kwa sauti yake kabla hatujaendelea. Kati ya yote tuliyofanya, hili ndilo ninalolipenda zaidi. Halihitaji bando kubwa wala simu ya bei, na linamfaa hata mzee anayepiga kwa simu ya kitochi.

Kwenye maandishi ya WhatsApp tatizo ni jingine. Ujumbe ulioandikwa wakati mtandao haupo haupotei. Unakaa na alama ya saa, kisha mtandao ukirudi unakwenda wenyewe. Tiki moja ni kwamba umeondoka kwenye simu yako, tiki mbili ni kwamba umefika kwa mwenzako, na katika grupu tiki mbili huja pale tu umefika kwa wote. Ubaya ni kwamba kwa wengine unaingia chini ya yale waliyokwisha kuyazungumza wakati wewe haupo.

Ndivyo ilivyotokea jioni moja kwa Baba Mdogo, mweka hazina wetu wa Mlalo. Saa 2:40 usiku niliuliza kama tulipe nusu ya ukumbi kesho yake. Akaandika "Sawa, nimekubali." Mtandao ukawa umeondoka. Huku chini mazungumzo yakaendelea, na Shangazi akauliza: "Upande wa Mlalo wapunguze wageni wawe 150?" Saa 3:05 ule "Sawa, nimekubali" ukatua chini ya swali la Shangazi. Kwenye simu ya Baba Mdogo jibu lilikuwa chini ya swali langu la ukumbi, mahali pake sahihi. Kwenye simu zetu sote alikuwa ameridhia wageni wa ukoo wake wapunguzwe. Vijana wa Mlalo waliokuwa Dar wakaanza kumpigia kwa hasira, naye hajui lolote.

Kilichonishtua ni kwamba mzee huyu haridhii jambo la wageni kwa maneno mawili. Nikamwomba Shangazi abonyeze ujumbe wake kwa muda, afungue Info. Mtumaji mwenyewe ndiye anayeweza kuona hapo nani amefikiwa na nani amesoma, na kwa saa ngapi. Jina la Baba Mdogo lilikuwa chini ya Delivered to, saa 3:05, dakika ile ile "Sawa" ilipoingia. Chini ya Read by hakuwamo. Maana yake swali lilifika kwake wakati jibu linatoka, na hata halijafunguliwa. Mtu hawezi kulijibu swali ambalo hajalisoma. Nilipiga picha ya skrini, nikaiweka kwenye grupu, na hasira zikatulia kabla mzee mwenyewe hajarudi vizuri hewani.

Tangu hapo hatukukubali "sawa" tupu. Unauvuta ujumbe unaoujibu kuelekea kulia, unanukuliwa juu ya jibu lako, ndipo unaandika. Jibu likichelewa hata saa nzima, linafika likiwa na swali lake mgongoni. Asiyeweza kuvuta anaandika "Sawa kuhusu ukumbi." Inatosha kabisa.

Ujumbe wa sauti nao una shida yake: hauendi nusu. Wa dakika sita usipomaliza kupanda, waliobaki hawapati hata salamu. Kwetu kila hoja ilikuwa na ujumbe wake, chini ya dakika moja, na mwanzoni mtu anataja namba: "La tatu, kuhusu chakula." Likikosekana la tatu, tunaliomba la tatu peke yake.

Njia ya neno la mwisho ina mpaka wake. Inafaa kwa aliyepotea dakika chache. Aliyekosekana jioni nzima neno lake la mwisho halimsaidii, kwa kuwa tumeshaipita hoja yenyewe. Huyo namwandikia mistari mitatu: yaliyoamuliwa, kiasi chake, na swali linalomngoja yeye. Mabishano yaliyotufikisha hapo simwandikii. Akitaka kuyajua, yamo juu kwenye grupu, na ujumbe ambao haujamfikia unahifadhiwa hadi siku 30 ukisubiri simu yake iwe hewani.