Mbezi Ipi?

Jana jioni binti yangu, ambaye yuko wiki ya tatu kazini, aliniuliza kama wateja hawatamwona hajui kazi akiwauliza maswali mengi. Nikamsimulia habari ya mifuko 50 ya saruji.

Wakati ule nilikuwa napokea oda katika duka la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Mzee mmoja alipiga simu akitaka mifuko hiyo ipelekwe Mbezi kesho yake, saa nne. Safu ya aina ya saruji kwenye daftari ilikuwa bado tupu, nikamuuliza, naye akataka ya 42.5 kwa kuwa alikuwa anamwaga zege la nguzo. Safu ya namba ya simu nayo ilikuwa tupu, nikamuuliza. Nilipoona hakuna iliyobaki wazi, niliamini kwamba oda imekamilika.

Kesho yake, saa nne na nusu, dereva alinipigia akiwa Tangi Bovu, Barabara ya Bagamoyo, akisema haoni mafundi wala jengo. Nikampigia mzee nikamuuliza yuko wapi.

"Niko Mbezi, kijana wangu. Si nilikwambia tangu jana?"

"Na gari liko Mbezi, mzee."

Tukanyamaza wote wawili. Nyuma yake nilisikia mashine ya kuchanganyia zege ikizunguka tupu, kokoto chache zikigonga kuta zake, na fundi mmoja akiuliza kama wakae kivulini. Ndipo nikauliza, "Mbezi Beach au Mbezi Luis?" Alikuwa Mbezi Luis, upande wa Barabara ya Morogoro.

Lori lilipitia Goba na kufika mchana. Mafundi walilipwa kutwa nzima kwa kazi ya nusu siku, na duka likabeba gharama hiyo.

Nilichomweleza binti yangu ni kwamba taarifa inayokosekana huacha pengo, na pengo huonekana, ukiuliza "aina gani?" unajibiwa. Neno lenye maana mbili hujaza safu yake vizuri kabisa, na ukiuliza "wapi?" unarudishiwa neno lile lile, kwa sababu msemaji anaona ameshalisema. Swali lake ni la kumtajia zote mbili achague. Mtu akisema "nondo kumi na mbili", muulize kama ni nondo 12 kwa idadi au ni za milimita 12. Wala si kila neno la namna hiyo linahitaji swali: "saa nne" nayo ni ya asubuhi au ya usiku, lakini duka letu halikupeleka mzigo usiku.

"Sasa, Baba, nitajuaje kwamba neno lina maana mbili, kama iliyonijia ni moja tu?"

Sikuwa na jibu kamili. Mbezi zote mbili nilizijua tangu utotoni, lakini wateja wetu wengi wa wiki ile walikuwa wa Beach, na ile nyingine haikunijia kabisa.