Niliuza kiwanja, hatifungani nikaiacha

Nilistaafu mwaka 2023. Pensheni yangu ya mwezi na mahitaji ya nyumbani vilipishana kwa shilingi 900,000, yaani pengo la milioni 10.8 kwa mwaka. Kuliziba nilikuwa na vitu vinne: masalio ya kiinua mgongo kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, hisa chache za benki, kiwanja Kibaha, na hatifungani ya serikali ya miaka 25 ya milioni 50, yaani fedha nilizoikopesha serikali, niliyoinunua 2021 wakati riba yake ikiwa asilimia 15.95.

Nyumbani kura zote zilianguka upande mmoja. "Baba Neema, uza hayo makaratasi," mke wangu alisema. "Ardhi haiozi." Hata mimi karibu nikubali. Nikampigia dalali wa soko la hisa, akaniambia ana mteja tayari wa kunipa milioni 50 zangu, pesa kamili, wiki hiyohiyo. Ile haraka yake ndiyo iliyonishtua.

Mwaka 2022 serikali ilishusha riba, na hatifungani mpya za miaka 25 zikawa zinatoka kwa asilimia 12.56. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa inalipa zaidi ya kile ambacho mnunuzi angepata kwenye mnada. Bei ya hatifungani hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani yake ya awali, na nilipopiga hesabu kwa kima cha 12.56 nikapata kama 125. Huyu alikuwa ananipa 100. Dalali wa pili alinitajia 119, maana wanunuzi si wengi na bei ya daftarini si lazima uipate sokoni. Hata hivyo, tofauti ya 100 na 119 kwenye milioni 50 ni milioni 9 na nusu.

Usiku ule nilichukua daftari la mjukuu nikachora safu mbili.

Safu ya kwanza: nauza hatifungani, nabaki na kiwanja. Hata kwa 119 napata milioni 59.5. Nikiziweka Ukwasi na kula milioni 10.8 kila mwaka, zinaisha mwaka wa sita, tukiacha faida kidogo ya Ukwasi. Baada ya hapo nimebaki na kiwanja kisichonilipa chochote, nami nina shida ya pesa. Mwenye shida hapangi bei ya kiwanja, anapangiwa.

Safu ya pili: nauza kiwanja, hatifungani inabaki. Yenyewe inaleta riba ya 7,975,000 kwa mwaka, nayo haikatwi kodi. Pengo linashuka hadi kama milioni 2.8. Kiwanja kikileta milioni 30, nikatoa kodi ya asilimia 10 ya faida (ya faida tu, si ya bei yote) na ujira wa dalali, nabaki na kama milioni 26 za kuweka Ukwasi. Hizo zinaziba pengo hilo miaka tisa bila hata kuhesabu faida ya mfuko. Na mwisho wa miaka hiyo, milioni 50 bado ziko palepale.

Mke wangu aliuliza swali la maana: kiwanja si kinapanda bei? Kinapanda. Tulikinunua milioni 6 mwaka 2009, na mara tano inasikika kubwa sana. Ukiitandaza kwa miaka 14, kila mwaka ukipanda juu ya bei ya mwaka uliotangulia, ni kama asilimia 12 kwa mwaka, kabla ya kodi. Hatifungani ilikuwa inanipa karibu 16, mkononi. Laiti kiwanja kingekuwa kinapanda kwa asilimia 20, ningeuza karatasi.

Kiwanja kilichukua miezi saba kupata mnunuzi, na kodi TRA nilimalizana nayo kabla ya uhamisho wa hati. Miezi hiyo tulikula Ukwasi, kwa sababu ombi la kutoa fedha huko hulipwa ndani ya siku chache. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake: ni daraja la kunivusha, nisilazimike kuuza kingine kwa bei ya kutupa. Hisa nazo sijazigusa. Wakati ule bei ilikuwa imelala, na gawio, hata likikatwa asilimia 5, linalipa bima ya afya.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba riba ya hatifungani haipandi hata unga ukipanda. Ile 7,975,000 itakuwa ileile mwaka 2040. Ndiyo maana faida ya Ukwasi siitoi. Naiacha ikue kwa ajili ya miaka hiyo.

Riba huingia Aprili na Oktoba. Oktoba iliyopita mke wangu aliuona ujumbe wa benki kabla yangu, akasoma tarakimu mara mbili, akaniuliza kama kuna karatasi nyingine ya kununua.