Picha Ambayo Shemeji Alishindwa Kupiga

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi chumba cha meno, kituo cha afya kimoja huku Tororo. Simu yangu ilikuwa imejaa fizi za watu. Ukishajulikana mtaani kwamba unashughulika na meno, watu hawakusalimii tena, wanakutumia mdomo.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa akiendesha lori na kulala Busia mpakani. Picha yake ya kwanza ilionyesha kipele chenye kichwa cheupe kwenye fizi, kando ya gego la chini la mwisho, upande wa kushoto. Gego lenyewe lilikuwa na tundu jeusi. Nikamwambia jino limekufa ndani, na usaha wa kwenye mzizi umejitafutia njia ya kutokea, ndiyo maana maumivu yamepoa. Aje tuling'oe. Akasema mzigo unamngoja. Akapita duka la dawa akanunua vidonge vichache vya amoksilini. Vidonge haviwezi kulimaliza jipu la namna hiyo: dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Uvimbe hutulia kidogo, kisha hurudi.

Ulirudi. Picha ya pili ilimliza mke wangu: shavu limefura kama chapati iliyopulizwa na moto. Mimi haikunitia hofu kubwa. Shavu kubwa linatisha macho, lakini uvimbe wa shavuni uko nje ya njia ya hewa. Nilimsisitiza aje upesi, apasuliwe jipu na kung'olewa jino.

Iliyonishtua ni ya tatu, naye aliituma kwa furaha. "Shemeji, ona, linapungua!" Kweli shavu lilikuwa limeshuka. Ila ule ukingo wa taya, pale shingo inapoanzia, haukuonekana tena. Ngozi chini ya kidevu ilikuwa imevutika na kung'aa, na uvimbe ulikuwa umevuka katikati kwenda kulia. Nikamwandikia abonyeze hapo kwa kidole. Akajibu ni pagumu kama ubao. Nikamwambia apanue mdomo, ainue ulimi, apige picha ya chini yake.

Ikaja picha ya midomo, meno ya mbele na ukanda mwembamba wa ulimi uliosukumwa juu. Nikamwomba arudie. Badala ya picha akatuma sauti, nzito, kama mtu anayezungumza na kipande cha muhogo wa moto kinywani: "Shemeji, hau-funguki." Nyuma ya maneno nikasikia akitema mate. Hakuwa anayameza tena.

Mizizi ya magego mawili ya mwisho ya chini hushuka hadi chini ya msuli unaobeba sakafu ya mdomo. Usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani, unaingia chini ya msuli huo, unasambaa pande zote mbili, na ulimi unasukumwa juu na nyuma kuelekea koo. Daktari Mjerumani, Ludwig, aliuelezea ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mtu hafi kwa maumivu. Njia ya hewa inaziba, na inaweza kuziba ndani ya saa chache.

Nikampigia mwenzake wa lori, maana yeye kuongea kulimchosha. Waende Mbale moja kwa moja, kwenye hospitali ya rufaa yenye chumba cha upasuaji. Kwangu nisingeweza kumfungulia njia ya hewa ikiziba. Mwenzake akasema amemtandikia kiti cha nyuma alale. "Asilale!" nikamkatiza. Akilala chali ulimi unaangukia koo. Akae wima, ainame mbele kidogo, mate yatiririke kwenye taulo, wala asilazimishwe kunywa chochote.

Niliwakuta Mbale. Kabla ya kisu madaktari walishughulikia pumzi kwanza, vifaa vya kutoboa koo vikiwa tayari pembeni. Wakampima sukari pia, kwa sababu mwenye kisukari huoza haraka zaidi. Kisha wakachana chini ya taya, kushoto na kulia, wakaacha vipande vya mpira wa glavu kwenye majeraha vipitishe uchafu. Usaha wenyewe ulikuwa kidogo, maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Gego likatoka siku hiyo hiyo, na seftriaksoni na metronidazoli zikaingia kwa mshipa.

Alipoweza kuongea alikuja na malalamiko. "Lakini shavu lilikuwa linapungua, shemeji. Mbona walinikata shingo?" Nikamfungulia picha ya pili na ya tatu, nikamwonyesha ukingo wa taya. Akaziangalia muda mrefu, akasema bado ile ya pili ndiyo mbaya.