Siku Moja Maishani Mwangu: Shingo Tatu Katika Chumba cha Dharura, Mwanza

Saa 1:30 asubuhi ninapokea zamu katika idara ya dharura ya hospitali moja hapa Mwanza. Intani niliye naye leo ni makini, lakini anamwona kila mgonjwa mwenye presha ya chini kuwa ni mgonjwa wa dripu, na siku nzima tunaitumia kuzungumza juu ya jambo hilo.

Saa 3:00 analetwa kijana aliyeanguka na bodaboda upande wa Igoma, paja limevimba na tumbo linauma kila likiguswa. Mapigo yake ni 124 kwa dakika, membamba chini ya kidole, na mikono ni baridi yenye jasho. Presha inasoma 104/82, na intani anafarijika. Namwomba atoe namba ya chini kutoka ya juu: inabaki 22, yaani pungufu ya robo ya namba ya juu, dalili kwamba kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo mno. Mishipa ya mwilini imejibana ili kufidia damu iliyopotea, ndiyo maana namba ya chini imepanda. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla namba ya juu haijaporomoka. Tunamlaza bapa na kuangalia vena za shingo, ambazo kwa mtu mzima wa afya hujaa akilala hivyo, na kwake hazionekani kabisa. Tunaagiza damu na kumwita daktari wa upasuaji.

Saa 6:00 mchana anafika mzee mwenye mrija wa mkojo uliokaa muda mrefu, ana homa na anaweweseka. Presha yake ni 86/38. Vena za shingo lake nazo zimelala, lakini mikono ina joto na mapigo yanadunda kwa nguvu, na tofauti ya namba mbili ni 48, zaidi ya nusu ya ile ya juu. Hapa maambukizi yamelegeza mishipa, na namba ya chini ndiyo iliyoanguka zaidi. Anapata antibiotiki mapema, na maji kwa vipimo tunavyovirudia kila baada ya kumkagua. Namtahadharisha intani kwamba ngozi yenye joto si hati ya kudumu, kwa kuwa mgonjwa wa namba hii akichelewa hupoa na kufanana na yule wa asubuhi.

Saa 9:00 alasiri anaingia mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, amevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe akiwa na mama mkwe wake. Presha ni 84/68, mapigo 128 na dhaifu, vidole baridi, na ukucha ukibanwa na kuachiwa unachukua sekunde tano kurudisha wekundu. Mzazi mwenye hali hii anaweza kuwa amevuja damu, anaweza pia kuwa na maambukizi ya mji wa mimba, na intani tayari ameshika chupa ya maji.

"Subiri kwanza," namwambia, kisha namgeukia mama mkwe. "Shikamoo mama. Analalaje usiku?"

"Marahaba mwanangu. Halali, anakaa tu. Akilala chini anasema anazama."

Tunamwegemeza kwa nyuzi 45. Vena ya shingo imejaa hadi karibu na ndewe ya sikio, ilhali kwa kawaida isingepanda zaidi ya sentimita 4 juu ya kinundu cha mfupa wa kidari. Ili kuhakikisha si ateri, nabonyeza taratibu chini ya shingo, na mdundo unatoweka. Tofauti ya presha ni 16, ndogo kuliko ya kijana wa bodaboda, na ngozi zao ni sawa. Ni shingo pekee inayowatenganisha. Damu ipo, ila moyo hauwezi kuisukuma mbele, hivyo imerundikana nyuma yake, na mapafu yanasikika yakichemka kwenye stetoskopu. Chupa ile ingemzamisha kweli.

Hata hivyo shingo iliyojaa haisemi kila kitu. Maji yaliyozingira moyo, ambayo kwetu mara nyingi hutokana na kifua kikuu, huijaza vilevile, na bonge la damu kwenye mapafu, ambalo wazazi huwa katika hatari nalo, hufanya hivyo pia. Kwa hiyo saa 10:00 tunaweka ultrasaundi: hakuna maji kuuzunguka moyo, chumba cha kushoto kimetanuka na kinajikunja kwa shida, picha inayolingana na ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Tunamwacha ameketi, tunampa oksijeni, na kuanza dobutamini, dawa inayousaidia moyo kusukuma damu, kwa pampu, mikrogramu 2.5 kwa kilo kwa dakika.

Saa 12:00 jioni presha ni 96/70, vidole vimeanza kupata joto, na mkojo umeanza kutoka. Sasa anaweza kupewa dozi ndogo ya frusemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Katika kitabu cha makabidhiano intani anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba mgonjwa wa kitanda hiki asiwekewe dripu ya maji hata kama presha itashuka, bali daktari aitwe.