Siku ya 23, kikohozi bado kipo

Leo alfajiri nimehesabu mapigo ya moyo kabla sijashuka kitandani: 64. Ndiyo kawaida yangu, na ni mara ya kwanza kuiona tangu niugue mafua. Wiki mbili zilizopita yalikuwa 78, nikajifanya sijahesabu.

Homa yenyewe ilinishika siku nne. Ya tano nikaamka shuka zimelowa jasho, mwili mwepesi, hamu ya chai imerudi. Basi nikajiona nimepona. Siku ya nane nikavaa raba, nikapiga mchakamchaka wangu wa kilomita tano kuelekea Bigwa, kisha nikaingia darasani vipindi sita. Mbio hazikunishinda, na hapo ndipo nilipodanganyika. Kesho yake miguu ilikuwa mizito kama niliyeshinda nikibeba ndoo za maji, na saa kumi jioni nikapitiwa na usingizi viatu vikiwa miguuni.

Kikohozi kikafikisha wiki mbili, na kikohozi cha wiki mbili huku kwetu hupimwa kifua kikuu. Nikaenda zahanati. Makohozi niliyapata kwa shida maana kifua kilikuwa kikavu, lakini majibu yakatoka safi. Daktari aliniuliza mara mbili kama homa ilipoa kisha ikarudi, maana nimonia hupenda kuja hivyo baada ya mafua. Haikurudi, wala sikuwa na maumivu nikivuta pumzi. Nikaomba antibayotiki, akakataa. Alisema virusi wameshaondoka, ila njia ya hewa wameiacha imechubuka, kwa hiyo vumbi, ubaridi, hata kicheko huiwasha. Kikohozi cha namna hii kinaweza kwenda hadi wiki nane. Kikipita hapo, nirudi.

Toka hapo natembea tu, dakika 20 kwenye njia tambarare, kwa mwendo ambao naweza kupiga soga. Uamuzi siufanyi njiani, naufanya asubuhi inayofuata. Mapigo yakiwa yamepanda kwa kumi hivi, au mwili ukiwa mzito, napumzika. Yakiwa sawa, naongeza dakika tano safari ijayo. Juzi Jumatatu yalikuwa 75, nikabaki nyumbani. Iliniuma, sikatai.

Shuleni ndiko kugumu zaidi, maana kinachonikohoza hasa ni kuongea. Mwalimu wa taaluma amenihamishia vipindi vya mchana kwenda asubuhi, na ubao sasa unafutwa kwa kitambaa kibichi ili chaki isiruke. Kazi ya kusoma kwa sauti nimewaachia wanafunzi.

Leo nimetembea dakika 30, na katikati nikakimbia dakika moja moja, mara tatu. Kipindi cha pili kikohozi kikanibana katikati ya sentensi. Binti wa dawati la mbele akanisogezea chupa yake ya maji: "Pole, mwalimu. Usiongee, tutanakili."